Shukrani si Itifaki: Uhakiki wa Ukurasa Mmoja wa Tasnifu

Katika tasnifu zinazoletwa chuoni kwetu kila mwaka upo ukurasa mmoja ambao hausahihishwi na mtu. Sura ya kwanza hupita mikononi mwa msimamizi mara tatu au nne, sura ya mbinu hurudishwa ikiwa imejaa wino mwekundu, hata orodha ya vifupisho hupata wa kuikagua. Lakini ukurasa wa shukrani huandikwa usiku wa mwisho, mwandishi akiwa amechoka na mpiga chapa akimsubiri, nao huingizwa kati ya tabaruku na ikisiri bila kuonwa na yeyote. Baadaye mtahini wa nje, kabla hajaigusa hoja, huanza kusoma hapo hapo. Ndugu, jamaa na washarika nao husoma hapo, na wengi wao hawaendelei mbele zaidi.

Tumesoma kurasa nyingi za namna hiyo, kama msimamizi na kama mtahini wa ndani. Katika makala haya tungependa kuuhakiki ukurasa huo kama tunavyohakiki maandishi mengine, yaani kuuliza unasema nini, unamsemea nani, na je, unasema kweli. Madai yetu ni kwamba wanafunzi wetu wameuandika ukurasa huu kwa kufuata kanuni ya mahali pengine. Wameichukua itifaki ya jukwaani na kuihamishia kitabuni. Mtu anayesimama mbele ya mgeni rasmi, Baba Askofu, wakuu wa majimbo na viongozi wa Serikali hana budi kuwataja kwa ngazi zao, na akihofia kumsahau mmoja husema kwamba itifaki imezingatiwa kisha akaendelea. Desturi hiyo ina heshima yake. Ila itifaki hupanga watu kwa vyeo walivyo navyo siku ile, na shukrani za tasnifu hutakiwa kuwapanga kwa kile walichoitendea kazi ile. Mara nyingi orodha hizi mbili hazilingani hata kidogo.

Alama za itifaki katika kurasa hizi ni rahisi kuzitambua. Ya kwanza ni neno “pekee”. Katika tasnifu moja tulihesabu “shukrani za pekee” mara tano, kwa watu watano mbalimbali, wala mwandishi hakuona kwamba jambo likiwa la watu watano si la pekee tena. Alama ya pili ni sentensi isemayo kwamba bila fulani kazi hii isingekamilika. Ikisemwa juu ya mmoja ni ushuhuda. Ikisemwa juu ya sita ni mapambo. Ya tatu ni ile “mwisho lakini si kwa umuhimu”, ambayo imetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza na katika Kiswahili haina kichwa wala miguu. Tena karibu kila mara inayefuata baada yake ni mke wa mwandishi. Msomaji makini ataelewa kwamba amewekwa mwisho kwa sababu hana cheo, na kwamba maneno yale yamewekwa ili kuomba radhi kwa kumweka hapo.

Ili tusiseme hewani, tutachukua mfano mmoja tulioushughulikia wenyewe. Mwandishi wake ni mchungaji, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, naye ametupa ruhusa ya kuueleza bila jina lake. Utafiti wake ulihusu nyimbo za Kirundi zinazoimbwa misibani, naye aliufanya Katumba, karibu na mji wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi. Wasomaji wasiopajua mahali hapo watahitaji maelezo kidogo, kwa maana makosa ya ukurasa ule hayaeleweki bila historia ya mahali.

Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, watu wengi walivuka mpaka wakaja Tanzania. Serikali iliwapa makazi ya kudumu kidogo: Ulyankulu upande wa Tabora, kisha Katumba na Mishamo katika iliyokuwa Wilaya ya Mpanda. Shirika letu la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilikuwa miongoni mwa waliosaidia kufungua mapori yale, kuchimba visima na kujenga shule. Watu walilima, wakazaa, wakazika. Mwaka 2007 Serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ziliweka mpango wa kuwapa fursa ya kuchagua kurudi kwao au kuomba uraia wa Tanzania, na zaidi ya watu 160,000 wakauomba uraia. Hata hivyo vyeti havikufika mikononi mwa wengi mara moja, kwani ulikuwapo mpango wa kuwahamishia mikoa mingine ambao baadaye ulisimamishwa, na ugawaji wa vyeti ukaanza kwa wingi mwishoni mwa mwaka 2014. Mkoa wa Katavi wenyewe ulikuwa umezaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Hivyo mwanafunzi wetu alipofika Mpanda kwa treni ya kutoka Tabora kupitia Kaliua, alikuta watu ambao kwa muda wa miaka mingi swali la jina lao, wao ni nani na wa wapi, lilikuwa swali la mkate na ardhi.

Rasimu ya shukrani zake ilikuwa na kurasa mbili. Ilianza kwa Mwenyezi Mungu aliyemjalia uzima. Ikafuata aya ndefu ya mistari tisa kwa shirika la kimisioni la ng’ambo lililomlipia karo. Kisha Baba Askofu, Msaidizi wa Askofu, Katibu Mkuu wa Dayosisi na wakuu wa majimbo wawili. Kisha Mkuu wa Chuo. Wasimamizi wake wawili walikuja hapo, na kati yao alianza yule mwenye uprofesa, ingawa alikuwa msimamizi wa pili aliyesoma sura mbili tu. Baada yao Mkuu wa Wilaya, kwa jina. Baadaye sentensi moja iliwashukuru “wakimbizi wa Katumba”, na wazee wanne wakatajwa kwa majina yao kamili na vijiji vyao. Halafu wanafunzi wenzake kumi na mmoja. Ndipo likaja lile la mwisho lakini si kwa umuhimu: mke wake mpenzi aliyevumilia, na watoto waliokosa upendo wa baba. Mwinjilisti aliyemtafsiria Kirundi hakuwamo. Tulipouliza, mwandishi alisema yumo katika “wengine wote ambao siwezi kuwataja”.

Hatukumwambia afute. Tulimwomba aweke rasimu kando atusimulie tu jinsi tasnifu ilivyopatikana, tangu siku ya kwanza. Akatueleza hivi. Safari yake ya kwanza Katumba ilichukua majuma matatu, naye alirudi na daftari lililojaa maneno ya nyimbo. Msimamizi wake wa kwanza alizisoma akamwambia kwamba amekusanya maneno bila kujua ni nani anayeanzisha wimbo, wakati gani, na nani haruhusiwi kuuimba. Arudi. Lakini bajeti ya wafadhili ilikuwa na safari moja tu. Mke wake, ambaye alikuwa mwanachama wa kikundi cha VICOBA usharikani, alichukua mkopo kwa jina lake akamlipia nauli na posho ya safari ya pili. Katika safari hiyo mwinjilisti yule alikaa naye misibani usiku kucha, na ndiye aliyemwonyesha kwamba wimbo mmoja aliokuwa ameuita wa huzuni ulikuwa kumbe ni wimbo wa kuwakumbuka waliokufa bila kuzikwa. Sura ya nne, ambayo ndiyo moyo wa tasnifu, imesimama juu ya sahihisho hilo.

Wasomaji wataona tofauti. Simulizi hili lina watu watatu wanaoshika nguzo: msimamizi aliyemrudisha, mke aliyelipa, mwinjilisti aliyefasiri. Katika rasimu mmoja wao alikuwa wa pili baada ya mtu aliyefanya kidogo kuliko yeye, mmoja alikuwa mkiani kwa sifa ya kuvumilia, na mmoja hakuwapo. Rasimu haikuwa na uongo hata neno moja, na bado haikusema kweli.

Tuanze na msimamizi. Kanuni hapa ni nyepesi: msimamizi mkuu hutangulia msimamizi msaidizi, hata kama wa kwanza ni Daktari na wa pili ni Profesa, kwa kuwa chuo kimewateua kwa kazi hiyo na ndivyo walivyotia sahihi kwenye ukurasa wa uthibitisho. Ugumu uko kwenye maneno. Wanafunzi hupenda kumsifu msimamizi kama baba, mwanga na mlezi. Sifa hizo zinaweza kuwa za kweli, ila tasnifu inapelekwa kwa watahini kabla haijapewa alama, na sifa nyingi kwa mtu atakayekaa upande wa pili wa meza siku ya utetezi huonekana kama chambo. Kwa sababu hiyo hiyo mtahini hashukuriwi kabisa kabla ya mtihani. Hatari nyingine haionekani upesi. Mwanafunzi wetu alikuwa ameandika kwamba msimamizi “alinisaidia kuandika sura ya nne”. Kurasa mbili nyuma, kwenye tamko, alikuwa ameapa kwamba kazi yote ni yake mwenyewe. Alikusudia kusema kwamba msimamizi alimrudisha uwandani. Hilo ndilo lilipaswa kuandikwa, nalo ni sifa kubwa kuliko lile la kwanza.

Wafadhili wanataka uangalifu zaidi, maana hapo fedha imeingia. Kwa watu wetu mfano ulio bora uko katika Wafilipi sura ya nne. Wafafanuzi wameona tangu zamani jambo la ajabu katika fungu hilo: Paulo amepokea msaada kwa mkono wa Epafrodito, anaufurahia waziwazi, lakini hatumii kwa Wafilipi kile kitenzi cha Kiyunani cha kushukuru ambacho anakitumia kwa Mungu mwanzoni mwa waraka. Badala yake anatumia lugha ya hesabu, ya kutoa na kupokea, na lile neno lililokuwa likiandikwa katika stakabadhi za siku zile kuonyesha kwamba deni limelipwa lote. Tena anataja mambo halisi: kwamba walimsaidia alipotoka Makedonia, kwamba walipeleka Thesalonike zaidi ya mara moja. Wengine wameliona fungu hili kuwa baridi. Sisi tunaona limeandikwa na mtu anayejua kwamba mpokeaji anaweza kununuliwa, naye anakataa kununuliwa bila kukataa zawadi. Anamwacha mtoaji akiwa mshirika, si bwana.

Kwa hiyo shukrani kwa wafadhili ziwe kama stakabadhi njema. Zitaje nani alitoa, alilipia nini, na kwa muda gani. Iwapo mkataba wa ufadhili una maneno yanayotakiwa kuandikwa, yaandikwe kama yalivyo bila kupambwa. Kisha sentensi moja iseme kwamba maoni yaliyomo si ya mfadhili. Mistari tisa ya sifa haimpendezi mfadhili mwenye busara. Humfanya mtahini ajiulize kama utafiti ungeweza kusema jambo asilolitaka mlipaji. Na kama tunaandika stakabadhi, basi tuandike stakabadhi zote. Mkopo wa VICOBA uliolipia safari ya pili ni ufadhili. Magunia ya mahindi na chumba alichopewa na usharika wa Mpanda mjini ni ufadhili. Mke wa mwandishi alihama kutoka aya ya mwisho akaingia aya ya wafadhili, kando ya shirika la ng’ambo, na hakuna aliyemwinua kwa hisani: mahali pake palikuwa pale tangu mwanzo.

Tunafika kwenye kosa lililokuwa zito kuliko yote. Katika sura ya tatu mwandishi alieleza kwamba aliwaahidi aliowahoji kuwa majina yao hayatatokea, naye amewapa alama za herufi na tarakimu. Katika shukrani wazee wanne kati ya hao hao wametajwa kwa majina na vijiji. Nia yake ilikuwa heshima, kwa kuwa kwetu kumnyima mzee jina lake ni kumdharau. Lakini msomaji mwenye tasnifu mkononi anaweza kulinganisha kijiji na alama, na baada ya dakika chache anajua ni nani aliyesema lipi juu ya waliouawa na waliouawa na nani. Zamani nakala tatu zilikaa kabatini na vumbi. Siku hizi tasnifu huwekwa katika maktaba za mtandaoni, na jina la mtu likitafutwa hutokea.

Mkoa huu una ushuhuda wake wa jambo hilo. Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na pia mjini Kigoma, na kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Alionyesha kwamba watu wa Mishamo walishika kwa nguvu historia yao na utambulisho wao kama wakimbizi, ila wenzao waliokaa mjini Kigoma walichanganyika na wenyeji na kujiita kwa namna nyingi ili waishi bila kusumbuliwa. Kwa mtu wa aina hii ya pili, jina lililochapishwa pamoja na asili yake si heshima hata kidogo. Basi jaribio tunalowapa wanafunzi ni hili: weka ukurasa wa shukrani kando ya sura ya mbinu na kiambatisho cha mahojiano, usome yote matatu kwa pamoja. Jina lolote linalofungua alama ya kiambatisho liondolewe. Anayetaka kumheshimu mzee amchukulie nakala, aende amshukuru kwa mdomo, kwa Kirundi kama anaweza.

Kulikuwa na neno lile “wakimbizi”. Mwandishi alilitumia kwa sababu vitabu alivyovisoma vinalitumia. Lakini watu aliowahoji walikuwa na vyeti vya uraia, na baadhi yao walimwonyesha wakiwa wamevihifadhi ndani ya mifuko ya nailoni pamoja na vyeti vya ubatizo. Katika sura ya historia neno hilo ni sahihi kwa miaka inayohusika. Katika shukrani, ambapo mtu anasema na watu waliopo leo, ni kuwanyang’anya kitu walichokisubiri. Tulimwambia aandike “wakazi wa Katumba”, na ikiwa lazima kutaja asili, aseme ni Watanzania wenye asili ya Burundi. Yeye akachagua lile la kwanza.

Kuhusu Serikali hatuna mengi. Barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye hukuelekeza wilayani, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Ofisi zilizotoa kibali zishukuriwe kama ofisi, kwa sentensi moja, kwa maana aliyeketi humo atahamishwa na kibali kitabaki. Mkuu wa Wilaya ambaye mwandishi hakuwahi kukutana naye aliondolewa.

Mwinjilisti ndiye aliyetusumbua, kwa sababu naye ni mkazi wa Katumba, na kumtaja kungeweza kuwafunua wengine: watu wangejua ni nyumba zipi alizoingia. Hapa hatukuamua kwa niaba yake. Mwandishi alirudi kumwuliza. Alimsomea aya hiyo, akamweleza nani ataisoma, naye mwinjilisti akajibu kwamba jina lake liwekwe, ila kijiji kisitajwe, na isisemwe aliingia misibani na mgeni, bali kwamba alifasiri nyimbo. Ndivyo ilivyoandikwa. Aliwekwa mara baada ya wasimamizi, kabla ya Askofu, kwa sababu kazi aliyoifanya ilikuwa ya namna ile ile ya wasimamizi: alisahihisha fikra.

Wengine walitushutumu kwa hilo. Mwenzetu mmoja, mtu tunayemheshimu sana, aliuliza inawezekanaje mwinjilisti atangulie Askofu katika kitabu cha chuo cha Kanisa. Tulimwomba asome tena Warumi 16. Anayeanza pale ni Fibi wa Kenkrea, mhudumu wa kanisa na msaada wa watu wengi na wa Paulo mwenyewe. Priska anatajwa kabla ya mumewe Akila, na inaelezwa walichofanya: walihatarisha shingo zao. Mama yake Rufo yumo bila jina, kwa kuwa alikuwa mama kwa Paulo pia. Tertio, aliyeshika kalamu, anapata sentensi yake mwenyewe. Na Erasto, mtunza hazina wa mji, ambaye kwa itifaki angekaa mstari wa mbele, yuko karibu na mwisho, katikati ya wengine. Hatudai kwamba Paulo alikuwa akiandika shukrani za tasnifu. Tunasema tu kwamba orodha ile haikupangwa kwa vyeo, na kwamba majina mengi yamefungwa na tendo. Mwenzetu hakukubali, lakini pia hakupinga tena.

Askofu, kwa upande wake, ana mahali palipo wazi: ndiye aliyetoa ruhusa ya masomo na kupanga mtu wa kushika usharika. Hilo litajwe. Jukwaani tunamwita Baba Askofu, na ni vema. Kitabuni aandikwe kwa cheo na jina, maana mtahini wa nje si mtoto wake.

Juu ya shukrani kwa Mungu, tumeona nyingi zilizo kama tiketi ya kupitia langoni: mstari mmoja, kisha Mungu hasikiki tena mpaka ukurasa wa mwisho. Luther, alipofafanua ombi la nne katika Katekisimo Ndogo, aliingiza ndani ya mkate wa kila siku mwenzi wa ndoa, watoto, watawala waaminifu, marafiki na majirani wema. Mwandishi aliyelielewa fungu hilo hahitaji aya ya utangulizi yenye sifa nyingi. Sentensi moja yatosha, ili mradi wanaofuata wawe ni sehemu ya sentensi hiyo.

Baada ya mazungumzo hayo ukurasa uliandikwa upya. Tunaunukuu kwa idhini yake, majina yakiwa yameondolewa:

“Namshukuru Mungu kwa ajili ya watu hawa, ambao kwa mikono yao alinipa kazi hii.

Msimamizi wangu mkuu alinirudisha Katumba nilipodhani nimemaliza. Sura ya nne imetokana na agizo hilo. Msimamizi wangu wa pili alisoma sura ya kwanza na ya pili na kunionyesha vitabu ambavyo sikuvijua. Mwinjilisti aliyefasiri nyimbo kutoka Kirundi alinisahihisha mahali ambapo nilikuwa nimezielewa vibaya.

Karo na safari ya kwanza vililipwa na shirika lililonifadhili kwa miaka miwili. Safari ya pili ililipwa kwa mkopo aliouchukua mke wangu, ambao tunaendelea kuurejesha. Usharika wa Mpanda mjini ulinipa chumba na chakula mara zote mbili. Maoni yaliyomo humu si ya yeyote kati yao.

Askofu wa Dayosisi yangu alinipa ruhusa ya masomo. Ofisi za Mkoa wa Katavi na za Halmashauri zilinipa kibali.

Wakazi wa Katumba walioniimbia na kunieleza hawatajwi hapa, kwa sababu niliwaahidi. Wao wanajijua.

Makosa yaliyobaki ni yangu.”

Wanafunzi kumi na mmoja hawamo. Mwandishi aliona uchungu kuwaacha, tukamshauri awape chai. Watoto nao hawamo. Wazo la kwamba walikosa upendo wa baba lilifutwa na mama yao mwenyewe aliposomewa rasimu, kwa maana alisema hawakukosa. Wazazi wake marehemu wamo kwenye tabaruku, wala hawakurudiwa katika shukrani.

Kuna kauli moja ambayo hatukuafikiana naye mpaka leo, nayo ni ile ya mkopo unaoendelea kurejeshwa. Sisi tulidhani yatosha kusema mkopo ulichukuliwa, na kwamba habari za marejesho ni za nyumbani. Tulihofu pia kwamba mfadhili ataisoma kama lawama kwa kulipia safari moja tu. Mwandishi alisema si lawama, ni hesabu, na stakabadhi isiyosema salio si stakabadhi. Tulimwachia. Nakala ya usharika ilipelekwa Mpanda kwa treni, na wakati tunaandika makala haya yalikuwa yamebaki marejesho mawili.